Pweza wa minyiri saba: bei ya kuchekesha hupanda kwa sababu, si kwa sifuri

*"Naandika vichekesho vya dakika chache kwa redio yetu hapa Lindi. Nina mchezo wa muuza samaki na mteja anayetaka apunguziwe. Bei inaanza elfu kumi na mbili, inakwenda laki, inakwenda milioni, inaishia bilioni. Nikiandika nacheka peke yangu, lakini tukirekodi hacheki mtu, hata waigizaji. Nakosea wapi?" Msomaji, Lindi*

Ndugu yangu, zinazokuangusha ni sifuri. Kwenye karatasi zinaonekana: 12,000 ni fupi, 12,000,000 ni ndefu, na macho yanacheka hata kabla hujasoma. Redioni macho hayapo. Mama anayebangua korosho uani kwake, redio ikiwa dirishani, anasikia kwamba neno moja tu limebadilika. Laki imekuwa milioni, milioni imekuwa bilioni. Mara ya kwanza atashtuka. Mara ya pili ameshajua unakokwenda, na akishatangulia kufika huwezi tena kumchekesha.

Nayajua maumivu hayo kwa sababu yalinipata. Mchezo wangu wa kwanza wa sokoni ulikuwa wa chungwa moja lililoanza mia mbili likaishia milioni mia mbili. Nilikuwa na waigizaji wawili wazuri sana, na kijana wa mitambo alikaa nyuma ya kioo akitazama saa muda wote. Mchezo ulipokwenda hewani nilipita kijiweni kwetu, hapa Mtwara, nikauliza wameuonaje. Mzee mmoja akanijibu kwa upole, "Nilisikia watu wanatajiana hela." Hakukumbuka bei hata moja. Hakukumbuka hata kwamba lilikuwa chungwa.

Tangu siku hiyo naandika kwa sheria moja: kila kinachotajwa kwenye mchezo kiwe cha kweli, na kichaa kiwe kwenye kukilipia tu. Bei ikipanda, msikilizaji aweze kusema kwa nini imepanda. Sababu ikimwingia, shilingi mia tano itamchekesha kuliko bilioni. Nitakuonyesha kwa mchezo wangu wa pweza, uliowekwa pale Feri, soko la samaki la Mtwara mjini. Niliuandika upya mara tatu mpaka ukakaa, na bei yake haivuki hata elfu kumi na nane.

Unaanza hivi:

(Pweza anapigwa juu ya jiwe: pwaa… pwaa…)

MFAUME: Shikamoo mama.

SOMOE: Marahaba mwanangu. Hujambo?

MFAUME: Sijambo mama yangu. Robo saa sasa umesimama unamtazama pweza wangu. Wala sikuhamishi, hapo ulipo umemkinga jua.

SOMOE: Nimeshuka na gari la alfajiri kutoka Newala, na kikapu nimekisahau kitandani. Bado naishangaa bahari. Huyu bei gani?

MFAUME: Kwako wewe, kumi na mbili.

SOMOE: Saba.

MFAUME: Mama, huyu nimemnunua mnadani.

SOMOE: Saba, mwanangu.

Hapa hakuna anayecheka, na usitake acheke. Kazi ya kipande hiki ni kuweka akiba. Nimetaja robo saa, nimetaja jua, nimetaja kikapu, na vyote vitatu nimevipitisha kama maneno ya kawaida ya watu wawili waliokutana sokoni. Mwishoni nitavidai. Kama ningevitaja kwa mara ya kwanza kule mwishoni, msikilizaji angeona mtunzi kavitoa mfukoni, na angekuwa na haki ya kukasirika.

Bei ya kwanza lazima iwe bei ya soko kweli. Wiki ya kurekodi nenda sokoni asubuhi, uliza pweza wa ukubwa huo anauzwaje, uandike hiyo. Ukianza na bei ambayo mtu wa Feri anajua si yake, ameshaacha kukuamini kabla hujaanza kumdanganya.

Angalia pia salamu. Mfaume ametoa shikamoo, Somoe ameitikia marahaba, na hapo tayari wamefungwa wote wawili. Hawezi kumtukana mtu aliyemwamkia, na mama hawezi kumkaripia mtoto aliyempa heshima yake. Ugomvi wote utapita chini ya "mama yangu" na "mwanangu". Nimesoma miswada mingi ambayo muuzaji anaanza kufoka kwenye ukurasa wa kwanza, ikifika wa pili hana pa kwenda. Mfaume hapandishi sauti hata mara moja. Anavyozidi kumtoza ndivyo anavyozidi kumheshimu, na hilo peke yake linachekesha.

Sasa tazama: Mfaume kasema kumi na mbili, Somoe kasema saba, na hakuna aliyesogea. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Katika maisha wangesogeleana, huyu kumi na moja, yule nane, huyu kumi, yule tisa. Kila mtu aliyewahi kununua kitu sokoni anajua watakutana tisa na nusu, kwa hiyo ukiwaruhusu wapige hatua mbili tu za namna hiyo, mchezo umeisha. Waache wagande kila mmoja kwenye namba yake. Kitakachotembea ni sababu.

SOMOE: Ngoja nimhesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano… Huyu ana mikono saba!

MFAUME: Minyiri, mama. Pweza hana mikono, ana minyiri.

SOMOE: Iite utakavyo. Inatakiwa iwe minane.

MFAUME: Ni kweli, huyu mmoja umekatika.

SOMOE: Haya. Kumi na mbili gawa kwa nane, kila mmoja elfu moja na mia tano. Toa huo mmoja. Kumi na mia tano.

(Pwaa.)

MFAUME: Sawa.

SOMOE: Sawa?

MFAUME: Sawa kabisa, mama yangu. Kumi na mia tano ndiyo minyiri saba. Na kichwa elfu tatu. Kumi na tatu na mia tano.

Hili ndilo daraja, yaani hatua moja ya ngazi ya bei, ninalolipenda kuliko yote, na ndilo litakalokueleza kilichokosekana kwenye mchezo wako. Somoe ana haki. Hesabu yake ni sahihi, elfu kumi na mbili ukiigawa kwa minyiri minane unapata 1,500 kwa kila mmoja, na msikilizaji yuko upande wake. Mfaume hapingi. Anasema "sawa", neno ambalo mnunuzi mzoefu akilisikia mapema namna hiyo anaanza kupapasa hela zake. Kisha anaichukua sheria aliyoitunga Somoe mwenyewe, kwamba pweza auzwe kiungo kwa kiungo, na kumrudishia. Kama minyiri ina bei yake, kichwa nacho kina bei yake. Mama aliomba apunguziwe, na kwa mdomo wake mwenyewe bei imepanda.

Mashine ya mchezo mzima ni hiyo. Anayelalamika anatunga sheria, mwenzake anaitumia. Kwenye mchezo wako muuzaji anataja laki, mteja anasema "eeh!", muuzaji anataja milioni, mteja anasema "eeh!" tena. Mteja hatoi kitu ambacho muuzaji anaweza kukishika. Mpe mteja akili. Mteja mjinga hachekeshi zaidi ya mara moja.

Daraja linalofuata ni fupi, na nilitaka liwe fupi kwa sababu sikio linahitaji kupumua baada ya kugawanya kwa nane:

SOMOE: Kichwa! Kichwa cha pweza nakipeleka wapi?

MFAUME: Ndani mna wino, mama. Wino jero.

SOMOE: Mwanangu, nimefuata kitoweo, sikuja kufungua ofisi.

MFAUME: Kumi na nne.

Angalia kwamba hajajibu utani wa ofisi. Ametaja jumla tu. Mwigizaji wangu wa kwanza alitaka acheke kidogo pale, nikamkatalia. Mfaume anaamini bei zake zote. Siku atakayocheka, msikilizaji ataacha.

SOMOE: Na huo mnyiri wa nane umekwenda wapi?

MFAUME: Unaota.

SOMOE: Unaota?

MFAUME: Pweza akikatika mnyiri, unaota mwingine. Tazama hapa, umeshaanza kuchipua.

SOMOE: Huo si kama kidole cha mtoto?

MFAUME: Ndio wa nane huo. Ile elfu moja na mia tano uliyoitoa inarudi. Kumi na tano na mia tano.

SOMOE: Lakini ameshakufa! Utaendelea kuotaje?

MFAUME: Ndiyo maana sijakutoza wa tisa.

Pweza kweli huotesha mnyiri mwingine akipoteza mmoja. Wavuvi wanajua, na asiyejua atamuuliza anayejua, wakishahakikisha watauongelea mchezo wako siku mbili. Ningebuni kwamba pweza ana mabawa ya akiba, kicheko kingekuwa cha dakika ile tu. Nenda kwa wavuvi ukakae nao kabla hujaandika. Daraja zuri halitoki kichwani, linatoka kwa samaki mwenyewe.

Daraja la nne limejengwa juu ya neno, na hapa nataka twende taratibu kwa sababu ndipo nilipokosea mara mbili. Adui mkubwa wa pweza kule mwambani ni mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka anayekaa mapangoni. Mkunga humng'ata pweza akaondoka na mnyiri. Na mkunga, bila shaka, ni yule mama anayezalisha. Mtu wa pwani ana maneno yote mawili. Mtu wa Newala au Masasi aliyezaliwa mbali na bahari ana moja tu, na redio yako inaweza kufika huko. Mara ya kwanza sikufafanua, nikawapoteza watu wa bara. Mara ya pili nilimweka msimulizi aeleze kabla, nikawapoteza wote. Mara ya tatu nikaona dawa ilikuwa mkononi tangu mwanzo: Somoe ametoka Newala. Aeleweshwe yeye, na kila asiyejua ataelewa naye.

SOMOE: Na aliyemkata ni nani?

MFAUME: Mkunga.

SOMOE: (kimya kifupi) Mkunga?

MFAUME: Alimwingilia pangoni usiku.

SOMOE: Masikini! Kumbe mzazi! Na wewe unamuuza hata arobaini haijatoka?

MFAUME: Hapana, mama, mkunga samaki. Mrefu, kama nyoka…

SOMOE: Mkunga gani huyo anaacha kitovu anakata mkono! Na hela yake alichukua?

MFAUME: Mama, nakwambia ni sa… (ananyamaza) Alichukua.

SOMOE: Ngapi?

MFAUME: Elfu mbili. Kumi na saba na mia tano.

(Pwaa.)

Kicheko kiko kwenye ule ukimya wa Mfaume. Amejitahidi kusema kweli mara mbili. Mara ya tatu anaona mama amemfungulia mlango wa elfu mbili, na biashara inamshinda nguvu. Mwambie mwigizaji akate neno "samaki" katikati, avute pumzi, kisha "alichukua" litoke kwa sauti ya chini kidogo. Pumzi hiyo lazima isikike kwenye maikrofoni. Ukirekodi ukiwa mbali naye itapotea, na pamoja nayo daraja zima.

Mpaka hapa bei imepanda kwa muda mrefu, na ngazi inayopanda tu huchosha. Somoe amekuwa akipigwa, na anayesikiliza anamsubiri. Sasa nadai akiba yangu ya kwanza na ya pili.

SOMOE: Mwanangu, umemaliza?

MFAUME: Nimemaliza, mama yangu.

SOMOE: Nilipofika hapa, jua lilikuwa wapi?

MFAUME: Lilikuwa kwa pweza.

SOMOE: Na sasa?

MFAUME: Liko mgongoni kwako.

SOMOE: Robo saa uliitaja mwenyewe. Ongeza dakika sita za maneno yako. Ishirini na moja. Pweza amekaa kwenye friji dakika ishirini na moja. Friji ya kukodi, dakika moja mia tano.

MFAUME: Mama…

SOMOE: Kumi na mia tano. Itoe kwenye kumi na saba na mia tano yako.

MFAUME: (taratibu) Saba.

SOMOE: Nilikwambia tangu mwanzo.

Mchezo una dakika sita, kwa hiyo zile dakika za Somoe ni za kweli: msikilizaji naye amekaa dakika hizo hizo. Ukifupisha mchezo wako ukawa wa dakika nne, badilisha na hesabu. Kuna watu wanahesabu na wewe huku wanakula, nawe ukikosea shilingi mia watakuwa wamekushika.

Kwa sababu hiyo nitakueleza jinsi nilivyozichagua namba, maana hazikuja zenyewe. Mwanzoni mkunga alilipwa elfu moja tu, jumla ikawa 16,500, na friji ilikuwa dakika kumi na tisa, yaani 9,500. Jibu lilikuwa saba vilevile. Kwenye karatasi ni sawa kabisa. Tukajaribu kwa sauti, na kati ya watu watano waliokaa kusikiliza, wawili walibaki wanatoa tisa na nusu kwenye kumi na sita na nusu wakati mwigizaji ameshasonga mbele. Tena "sita" na "saba" zikikaribiana kwenye redio ndogo yenye mkwaruzo, zinafanana. Nikapandisha mkunga hadi elfu mbili na friji hadi dakika ishirini na moja. Sasa ni kumi na saba na mia tano, toa kumi na mia tano. Kumi inakufa na kumi, mia tano inakufa na mia tano, saba inabaki imesimama peke yake. Mtoto wa darasa la tatu anaisikia. Jibu linapotua, msikilizaji amelipata nusu ya pumzi kabla ya Mfaume, na furaha yake ni hiyo.

Kwenye mswada andika bei kwa maneno, kama zinavyosemwa sokoni. Ukimwandikia mwigizaji 17,500 atasita, au atasoma kama mtu wa benki. Na jumla aitaje mmoja tu kila inapopanda. Kwangu ni Mfaume. Somoe akianza naye kutaja jumla kila mara, msikilizaji hajui tena hela iko kwa nani. Namruhusu mara mbili tu, pale anapopunguza, na mara zote mbili anapunguza kumi na mia tano au kufika hapo. Sikio linaikumbuka.

Sauti ya soko iweke mwanzoni, kisha ishushe kabisa. Kelele za watu chini ya bei zinameza tarakimu. Sauti pekee ninayoibakiza ni pweza akipigwa, kwa sababu inafanya kazi: kila "pwaa" ni nukta. Studio hatuna pweza, tunatumia taulo lililoloweshwa maji likipigwa juu ya ubao. Lisiwe na maji mengi, litasikika kama mtu anafua.

Na jambo moja nisilotaka kulipita. Wengi wakiandika muuzaji wa huku kwetu wanampa lafudhi, wanategemea Kimakonde chake ndicho kichekeshe. Usifanye hivyo. Anayesikiliza ana lafudhi hiyo hiyo, na hana habari kwamba inachekesha. Mfaume achekeshe kwa akili yake.

Umalizie hapa, kwenye akiba ya tatu:

(Hakuna kupiga. Kimya.)

MFAUME: Haya mama, umenishinda. Saba. Lete kikapu.

SOMOE: Si nimekwambia nimekisahau Newala? Nitilie kwenye mfuko.

MFAUME: Mfuko upo.

SOMOE: Ahsante, mwanangu.

MFAUME: Elfu tano.

(Kimya kirefu. Ndege wa pwani mmoja, mbali.)

SOMOE: Na pweza ni saba?

MFAUME: Pweza saba, mama yangu. Bei yako.

SOMOE: Mtie. (Noti zinahesabiwa.) Nikifika Newala nitawaambia nimempata kwa saba.

(Pwaa.)

Saba na tano ni kumi na mbili. Usiruhusu mtu yeyote aitaje kumi na mbili. Usimweke jirani wa kibanda akaihesabu kwa sauti, wala msimulizi akaikumbusha. Mwigizaji wangu wa Mfaume aliomba aiseme chini chini, kwa ladha tu, na tulibishana karibu saa nzima. Ukiitaja, umemnyang'anya msikilizaji kitu alichokuwa anakishika mwenyewe. Kile kimya kirefu ndicho nafasi yake ya kujumlisha. Kipime kwa saa, kisipungue sekunde tatu. Kijana wa mitambo atakwambia hewa imekufa, muombe akuvumilie.

Mwisho huu usingewezekana enzi za rambo. Muuzaji angekutilia pweza kwenye rambo bure, na hakuna ambaye angeshangaa. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, mtu aliyesahau kikapu ananunua mfuko, na sokoni kila mtu ameshaumia kwa hilo, kwa mia tatu, kwa mia tano. Mfaume ameongeza sifuri moja tu kwenye mia tano. Ukitaka sifuri kwenye mchezo wako, ndugu yangu, unaruhusiwa hiyo moja, mwishoni, na juu ya kitu ambacho kila mtu amekishika mkononi asubuhi ile.

Kuupima mswada wako kabla ya kurekodi, funika bei zote kwa kidole na usome kilichobaki. Kama wangu: mnyiri umekatika, kichwa kina wino, mnyiri unaota, mkunga alichukua hela, mama amekuwa friji, mfuko. Unaweza kucheka bila shilingi hata moja. Ukifunika laki, milioni na bilioni kwenye mchezo wako kama ulivyo sasa, nadhani utabaki na "eeh" nne.

Hujaniambia samaki wako ni nani. Kama ni changu, ana magamba na miba, na mteja anaweza kudai hali miba kwa hiyo hailipii. Muuzaji akubali "sawa", amwambie avue miba yote pale pale na amrudishie, ndipo waanze kuihesabu. Kama ni dagaa wa fungu, mwache mteja adai fungu hili lina vichwa vingi kuliko mikia. Ukishaandika daraja la kwanza na la pili nitumie hizo mbili tu, usiumalize mchezo kwanza. Nataka kusikia mteja wako anatunga sheria gani.